Dozi ya Mtu Atakayerudi Katoro

Mwanamke anayetoka Katoro, mkoani Geita, kwenda kupandikizwa mimba Dar es Salaam anasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Basi linapita Shinyanga au Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, na linamaliza mchana na sehemu kubwa ya usiku. Wenye nafasi wanavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, wanafika Mwanza na kupanda ndege. Wengine wanaelekea upande wa pili kabisa, Biharamulo, Bukoba, Mutukula hadi Kampala, ambako mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa maabara alizaliwa mwaka 2004, miaka miwili kabla ya Kenya kupata wa kwao Nairobi. Njia yoyote atakayoshika, kuna jambo moja ambalo daktari wake anapaswa kulijua kabla hajaandika dozi ya kwanza: siku ya tano na siku ya kumi na mbili baada ya sindano ya mwisho, mama huyu atakuwa wapi?

Swali hilo linaonekana la mambo ya nauli. Kwa kweli ni swali la dawa, na sura hii inahusu sababu yake.

Tuanze na kinachofanyika ndani ya ovari. Kila mwezi, mwili wa mwanamke huamsha kundi la vifuko vidogo, kila kimoja na yai lake. Homoni iitwayo FSH, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ndiyo inayovikuza. Baada ya siku chache FSH hushuka, kifuko kimoja chenye nguvu kinaendelea kukua, na vingine vyote vya kundi lile vinakufa. Sindano za gonadotropini kazi yake ni kuzuia mshuko huo. FSH inabaki juu, na vifuko ambavyo vingekufa vinapata chakula cha kuendelea. Kwa hiyo ule uvumi unaosikika sana, kwamba sindano hizi zinamaliza mayai ya akiba na kumzeesha mtu kabla ya wakati, hauna msingi. Mayai yanayovunwa ni yale ya mwezi huo, ambayo yangepotea vyovyote vile.

Si lazima kuchochea ovari ili kupata mtoto wa maabara. Louise Brown, wa kwanza duniani, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978, alitokana na yai moja la mzunguko wa kawaida, bila sindano za kukuza. Lakini yai moja ni bahati nasibu: linaweza lisipatikane, lisirutubike, au lisigawanyike. Kuanzia miaka ya themanini vituo vikageukia gonadotropini ili kupata mayai kadhaa kwa mkupuo mmoja. Za kwanza zilichujwa kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa miili yao hutoa FSH nyingi, na kampuni ya Italia iliyozitengeneza ilikusanya mkojo kwenye nyumba za masista wazee. Masista walioapa kutozaa wamechangia watoto wengi kuliko ukoo wowote ninaoujua. Leo nyingi hutengenezwa maabara, ingawa za mkojo uliosafishwa bado zipo sokoni na zinafanya kazi vizuri.

Sasa tumchukue mama mmoja. Nimemtunga, ili nisitumie siri ya mtu, ila namba zake ni za aina ambayo daktari yeyote wa fani hii ataitambua. Ana miaka 29. Mirija yake yote miwili imeziba, kwa maambukizi ya zamani ambayo hayakutibiwa vizuri. Mume ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mbegu zake zimepimwa na ziko sawa, jambo ambalo wanaume wengi hulikwepa mpaka mke awe amezunguka kwa waganga miaka mitano. Mama ana uzito wa kilo 62, hedhi yake huruka miezi, na ultrasaundi inaonyesha ovari zenye vifuko vingi vidogo: 28 kwa jumla ya pande mbili. Kipimo cha damu cha AMH, kinachokadiria wingi wa vifuko hivyo, kimesoma nanogramu 6.2 kwa mililita.

Mume anaposikia vifuko 28 anafurahi. Daktari anakunja uso. AMH inayozidi takriban 3.4, au vifuko zaidi ya 24, ni alama kwamba ovari hizi zitaitikia dawa kwa kishindo. Kwa mwanamke wa kawaida wa umri huu dozi ya kuanzia ingekuwa yuniti 150 hadi 225 za FSH kwa siku. Kwa huyu, daktari makini anaandika 125, pengine hata 100.

Hapo ndipo ubishi unapoanza, na ninauelewa. Mtu ameuza ng'ombe au amekusanya faida ya msimu mzima, amelipa mamilioni ya shilingi, halafu anaambiwa atapewa dawa kidogo kuliko mwenzake waliyekaa naye kwenye benchi. Anaona anapunjwa. Ukweli ni kwamba dozi hainunui mtoto. Uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 400,000 ya Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nafasi ya kupata mtoto inapanda kadiri mayai yanavyoongezeka hadi kufika kama 15, kisha inatulia, na yakizidi 20 inaanza kushuka. Uholanzi nako walijaribu kupanga dozi kwa kuhesabu vifuko, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Kwa wanawake wenye vifuko vingi, kushusha dozi kutoka 150 hadi 100 hakukubadilisha idadi ya watoto waliozaliwa, lakini kulipunguza wale waliovimba tumbo kwa ovari kuchochewa kupita kiasi. Upande wa pili, kwa wenye akiba ndogo, kupandisha dozi hadi 450 hakukuongeza watoto, kuliongeza gharama. Daktari anayekubali kuongeza dozi ili mteja aridhike anamuuzia hatari kwa bei ya juu.

Mama wetu anafikia kwa shangazi yake Tabata. Jumatatu, siku ya pili ya hedhi, anaanza sindano, kila jioni, chini ya ngozi ya tumbo, vidole viwili au vitatu kando ya kitovu. Dawa inakaa kwenye friji, mlangoni au rafu ya kati, kamwe si kwenye sehemu ya barafu, maana ikiganda imeharibika. Umeme ukikatika usiku mmoja hakuna janga: nyingi ya dawa hizi zinavumilia joto la kawaida la nyumba lisilozidi nyuzi 25 kwa muda. Kinachozishinda ni joto la dirisha la basi au la dashibodi ya gari, na ndiyo sababu mgonjwa wa Kahama au Shinyanga anayetaka kuanzia sindano nyumbani mwezi wa Oktoba anahitaji kisanduku cha baridi na si mfuko wa kawaida.

Jumamosi, siku ya sita ya dawa, ultrasaundi inaonyesha vifuko vingi vya milimita 10 hadi 12. Siku hiyo inaongezwa sindano ya pili, setroreliksi miligramu 0.25, ya kuzuia ubongo usiamuru mayai kutoka kabla ya wakati. Anachoma zote mbili kila siku. Jumatatu vifuko vimefika 14 na 15. Jumatano, siku ya kumi, vitatu vimepita milimita 18, vingine vingi viko kati ya 13 na 17, na kwa ujumla vyenye milimita 12 na zaidi ni 25. Homoni ya estradioli, ambayo kila kifuko kinachokua huitoa, imefika pikogramu 4,100 kwa mililita. Hata kwa dozi ndogo, ovari hizi zimeitikia hivyo. Zingepewa 225, sijui tungekuwa tunahesabu nini.

Mayai sasa ni makubwa lakini hayajapevuka. Yai ndani ya kifuko limesimama katikati ya mgawanyiko wake tangu mama alipokuwa tumboni mwa mama yake. Kinacholiamsha ni mmiminiko wa homoni ya LH, na katika matibabu haya mmiminiko huo unaigizwa kwa sindano moja: sindano ya kupevusha. Ikishaingia, saa inaanza kuhesabu. Yai linamaliza hatua yake, linaachia ukuta wa kifuko, na baada ya saa 36 hivi liko tayari kunyonywa kwa sindano ndefu. Ukiwahi chini ya saa 34, mengi yatakuwa mabichi na yamegandamana ukutani. Ukichelewa kupita 38 au 40, vifuko vinaanza kupasuka na mayai yanamwagika tumboni, ambako hakuna wa kuyaokota. Dirisha lote ni la saa nne hivi, baada ya siku kumi za kazi.

Uvunaji umepangwa Ijumaa saa 2 asubuhi. Ukirudi nyuma saa 36 unapata Jumatano saa 2 usiku. Karatasi ya kliniki, ambayo mara nyingi imechapwa kwa Kiingereza, inasema 8:00 PM. Hapa pana mtego ambao vitabu vya Ulaya haviutaji, kwa sababu huko haupo. Mtu aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili anaona 8 na giza, anaelewa saa nane usiku. Anaweka alamu, anaamka, anachoma kwa uaminifu kabisa, saa sita nzima baada ya muda. Ijumaa asubuhi mayai yana saa 30 tu. Daktari anaingiza sindano kifuko baada ya kifuko, maji yanatoka safi, mtaalamu wa maabara anaangalia kwenye darubini na kusema hakuna kitu. Siku nyingine anapata mayai manne, yote mabichi. Dawa inayokosewa namna hii haiwezi kurudiwa siku ile, na pesa hairudi.

Kwa hiyo muuguzi mzuri haishii kwenye karatasi. Anapiga simu Jumatano jioni.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Niambie mwenyewe, sindano unachoma saa ngapi?"

"Saa mbili, taarifa ya habari ikianza."

"Haya. Ukimaliza nitumie picha ya kichupa kitupu na saa ya ukutani."

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni alama bora kuliko tarakimu yoyote. Picha ya kichupa nayo ina kazi yake: inaonyesha kama unga uliyeyushwa wote au umebaki chini, na kama mtu amechoma maji peke yake, jambo linalotokea zaidi ya unavyodhani kwa dawa zinazokuja katika vichupa viwili. Na kama uvunaji ukitoka mtupu, kuna njia ya kujua kosa lilikuwa wapi. Ikiwa dawa ilikuwa hCG, kipimo cha mimba cha mkojo cha duka la dawa kinapaswa kusoma chanya asubuhi ile, kwa kuwa ndiyo homoni yenyewe kinayoitafuta. Kikisoma hasi, dawa haikuingia, iliingia kidogo mno, au ilikuwa imeharibika, na inawezekana kurudia sindano na kuvuna ovari iliyobaki saa 36 baadaye.

Nimetaja hCG, na hapa ndipo uamuzi mzito wa sura hii ulipo. Kuna njia mbili za kupevusha. Ya kwanza na ya zamani ni hCG, yuniti 5,000 hadi 10,000. Ni homoni ya mimba, lakini inafanana na LH kiasi kwamba ovari inadanganyika. Ubaya wake ni kwamba haiondoki mapema. LH ya mwili inapungua kwa nusu ndani ya saa moja hivi. hCG inachukua zaidi ya siku nzima kupungua kwa nusu, na mabaki yake yanaendelea kuisukuma ovari wiki nzima na zaidi. Njia ya pili ni triptorelini miligramu 0.2. Hii haiigusi ovari moja kwa moja. Inaiamuru tezi ya ubongoni imwage LH yake yenyewe, mara moja, na baada ya siku moja au siku moja na nusu mmiminiko umekwisha. Inawezekana tu kwa mtu aliyetumia setroreliksi au dawa ya jamii yake, kwa kuwa ule mpango wa zamani wa kuizima tezi wiki kadhaa kabla ya kuanza huiacha bila nguvu ya kuitika.

Tumwone mama yule yule kwenye kliniki mbili.

Kliniki ya kwanza inampa hCG yuniti 10,000. Ijumaa wanavuna mayai 22. Jumamosi tumbo linajaa na anaambiwa ni kawaida baada ya uvunaji. Kinachoendelea ndani ni hiki. Kila kifuko kilichonyonywa kimegeuka kuwa kiwanda kidogo kinachotoa kemikali iitwayo VEGF, ambayo hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa kifuko kimoja cha kila mwezi haina madhara. Kwa ishirini na tano, vikisukumwa na hCG isiyoondoka, mishipa inavuja kama kiroba cha mchanga kilichotolewa kwenye maji: mchanga unabaki ndani, maji yanachuruzika nje. Maji ya damu yanaishia tumboni, wakati mwingine hadi kifuani kuzunguka mapafu. Damu inayobaki kwenye mishipa inakuwa nzito, figo zinapata kidogo, mkojo unapungua na kukolea, na damu nzito inaweza kuganda. Ya ajabu ni kwamba mabonge haya hupenda kutokea shingoni na mikononi kuliko miguuni, kwa hiyo maumivu ya shingo upande mmoja kwa mwanamke wa namna hii si ya kuchukulia mzaha.

Jumatano inayofuata hali imetulia kidogo, na kliniki inampandikiza kiinitete kibichi, kisichogandishwa. Alhamisi anapanda basi. Jumatatu yuko Katoro, siku ya 12 tangu sindano ya kupevusha. Kiinitete kimejishika na kimeanza kutoa hCG yake mwenyewe, mpya, inayoongezeka kila siku. Ovari ambazo zilikuwa zinaanza kupoa zinachochewa upya. Hili wimbi la pili ndilo baya zaidi, na ni la kinaya, kwa sababu linawapata waliofanikiwa. Tumbo linavimba hadi kitenge hakifungi, anatapika, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi.

Anapelekwa kituo cha afya. Tabibu aliyepo anamwona mwanamke wa miaka 29, tumbo limejaa na linauma, mapigo ya moyo yako mbio. Anapima mkojo: mimba chanya. Ultrasaundi inaonyesha majimaji mengi tumboni na hakuna mimba inayoonekana kwenye mfuko wa uzazi. Kila mwanafunzi wa udaktari anajua maana ya mseto huo: mimba imetunga nje na mrija umepasuka, damu imejaa tumboni, mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi. Na kwa mgonjwa mwingine yeyote angekuwa sahihi, na kuchelewa kungekuwa kosa.

Kwa huyu, upasuaji unaweza kumuua. Ovari zimevimba hadi kufika ukubwa wa embe, ni laini na zimejaa damu. Ukizigusa zinatoka damu isiyozuilika kirahisi, na kuna madaktari huko nyuma walioishia kuziondoa. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni kipimo rahisi ambacho hata zahanati nyingi wanacho: wingi wa damu. Mrija ukipasuka, damu inapotea na himoglobini inashuka, 8, 7, 6. Mishipa ikivuja maji, damu iliyobaki inakolea na himoglobini inapanda. Katika ukanda huu wa malaria na minyoo, ambako mwanamke mwenye 11 anaambiwa yuko vizuri, kipimo kinachosoma 15.8 kwa mtu anayeonekana mgonjwa hivyo kinapaswa kumshtua tabibu. Mwenye maabara kubwa ataona pia seli nyekundu zimefika asilimia 45 ya damu au zaidi na seli nyeupe zimepita 15,000, na ataziita maambukizi kama hajui. Sindano nyembamba ikivuta majimaji ya tumboni yatatoka ya njano kama chai ya rangi iliyokosa majani, wakati ya mrija uliopasuka ni damu. Na ultrasaundi, ukiisogeza pembeni mwa mfuko wa uzazi, inaonyesha ovari kubwa mbili zilizojaa vifuko. Ikumbukwe hata hivyo kwamba mtu aliyevunwa mayai anaweza kutokwa damu ndani kweli, hasa saa 24 za kwanza. Himoglobini inayoshuka haipuuzwi eti kwa sababu alikuwa kliniki ya uzazi.

Makosa mengine mawili yanafanyika kwa nia njema. La kwanza ni diklofenaki, sindano ya maumivu inayochomwa karibu kila duka la dawa kati ya Kahama na Geita. Figo za mama huyu zimeshakosa damu ya kutosha. Diklofenaki inazifungia kidogo kilichobaki. Paracetamoli ndiyo dawa yake ya maumivu. La pili ni furosemaidi, watu wanaijua kama Lasiksi. Mtu amevimba na mkojo hautoki, kwa hiyo apewe dawa ya kukojoa: inaingia akilini. Lakini maji yake yako nje ya mishipa, na ndani ya mishipa ni mkavu. Furosemaidi inamkausha zaidi, na damu iliyo nzito inakaribia kuganda. Anachohitaji ni dripu ya chumvi kwa kipimo huku mkojo ukipimwa kila saa chache, albumini ikipatikana, sindano ya heparini ya kuzuia kuganda kwa damu, na majimaji ya tumboni kutolewa kwa sindano chini ya ultrasaundi yakimbana pumzi. Hospitali ya mkoa inaweza sehemu kubwa ya hayo, na Bugando kule Mwanza inaweza yote. Hakuna dawa inayokomesha tatizo lenyewe kwa siku moja. Unamtegemeza mgonjwa mpaka ovari zipoe, siku saba hadi kumi kama hakushika mimba, wiki kadhaa kama ameshika.

Kliniki ya pili ilitazama namba zile zile za Jumatano, vifuko 25 na estradioli 4,100, ikamuuliza mama atarudi lini nyumbani na hospitali iliyo karibu naye iko umbali gani. Halafu ikampa triptorelini. Alhamisi asubuhi, saa 12 baada ya sindano, ilimpima LH kuhakikisha tezi imeitika; ingekuwa chini ya 15 wangekuwa na muda wa kubadili mpango. Ijumaa ilivuna mayai 21, 17 yakiwa yamepevuka. Kumi na mawili yalirutubika, na baada ya siku tano vilipatikana viinitete vitano vizuri. Vyote viligandishwa kwenye naitrojeni. Hakupandikizwa kitu. Akaandikiwa kabergolini nusu miligramu kila usiku kwa siku nane, inayopunguza nguvu ya ile kemikali ya kulegeza mishipa. Hedhi ilimjia baada ya wiki moja hivi, ovari zikanywea, na hapakuwa na mimba ya kuleta wimbi la pili.

Kumweleza mume haya ni kazi. Amelipa, mke amerudi mikono mitupu, na sasa anaambiwa alipie hifadhi na safari nyingine. Nimesikia wengi wakiita huu ni ujanja wa kliniki wa kuvuna pesa mara mbili. Wachina walilipima swali hili kwa wanawake 1,508 wenye ovari za aina hii na kuchapisha mwaka 2016. Waliopandikizwa viinitete vibichi walipata mtoto kwa asilimia 42. Waliogandishiwa na kupandikizwa baadaye, asilimia 49. Waliovimba kwa kuchochewa kupita kiasi walikuwa asilimia 7 kwa kundi la kwanza na 1 kwa la pili. Kwa mwanamke mwenye vifuko vichache hesabu hii haimhusu, na kumgandishia kila kitu bila sababu kweli ni kumwongezea gharama. Kwa mama wa vifuko 28 anayeishi Katoro, sioni utetezi wa kumpa hCG yuniti 10,000 na tiketi ya basi.

Triptorelini haifuti hatari yote, ila inaiacha ndogo sana. Kwa hiyo kliniki ya pili ilimpa pia mzani wa bei nafuu, ili ajipime kila asubuhi kabla ya chai, na karatasi ya kubandika kwenye daftari lake la kliniki, safari hii kwa Kiswahili:

"Kwa tabibu atakayempokea. Mama huyu amechomwa dawa za kukuza mayai na amevunwa mayai tarehe iliyoandikwa hapa chini. Akiongezeka uzito kilo moja au zaidi kwa siku, akipungua mkojo, akitapika bila kukoma, akibanwa pumzi au kuumwa shingo au mguu upande mmoja, mpime himoglobini kwanza. Ikiwa juu, usimpasue, usimpe diklofenaki wala Lasiksi, tupigie. Ikiwa chini na inaendelea kushuka, anatokwa damu. Mpeleke hospitali ya upasuaji mara moja."

Safari ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Sehemu kubwa ya maandalizi anaifanya nyumbani: vidonge vya estrojeni kwa wiki mbili hivi vya kunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, na ultrasaundi ya kupima unene huo, ambayo inaweza kufanyika Geita au Mwanza na majibu yakatumwa kwa simu. Ukuta ukifika milimita saba au nane anaanza projesteroni, na siku ya sita yake anatakiwa awe mezani Dar es Salaam. Kinapandikizwa kiinitete kimoja. Vinne vinabaki kwenye naitrojeni. Ovari safari hii hazikuguswa na dawa yoyote ya kukuza, kwa hiyo akishika mimba, hCG yake haina vifuko vya kuchochea, na daktari hana sababu ya kumzuia kupanda basi la kurudi siku inayofuata.